Hadithi ya nia ina njia moja tu, je bado ni sahihi?

"Assalamu alaikum ustadhi. Niko chuo mwaka wa pili na jioni nafundisha watoto madrasa. Mhadhiri wetu katuambia hadithi ya kwanza ya Bukhari, ile ya matendo ni kwa nia, ilipita kwa mtu mmoja mmoja kwa zaidi ya miaka 100, na kwamba wasomi wa Ulaya wanasema yule wa mwisho ndiye aliyeitunga. Nikamuuliza ustadhi wangu wa zamani akaniambia niache, eti kuhoji Bukhari ni kufuru. Wiki ijayo watoto wanaanza Arubaini Nawawi na hadithi ya kwanza ni hiyohiyo. Niwafundishe nini?"

Waalaykumu salaam warahmatullah, mdogo wangu. Watoto wafundishe kama ulivyofundishwa wewe, na nasema hivyo huku hoja ya mhadhiri wako naijua vizuri tu. Ngoja tuifungue taratibu kwa sababu hapa kuna vitu viwili vimechanganywa.

Kwanza mhadhiri wako kwenye ile taarifa yenyewe hajakosea, hadithi hii kweli ina njia moja. Bukhari kaipokea kwa Al-Humaidi, naye kwa Sufyan bin Uyaina, naye kwa Yahya bin Said Al-Ansari, naye kwa Muhammad bin Ibrahim At-Taimi, naye kwa Alkama bin Wakkas Al-Laithi, ambaye anasema alimsikia Umar bin Khattab akiisema juu ya mimbari kwamba kamsikia Mtume (s.a.w.). Ukiangalia juu pale, kutoka Umar mpaka Yahya ni mtu mmoja, mmoja, mmoja. Umar kafariki mwaka 23 Hijria na Yahya kafariki 143 au 144, kwa hiyo hesabu ya miaka 100 na ushee ni ya kweli. Ila hili halikugunduliwa Ulaya. Tirmidhi aliyefariki 279 kaiandika hadithi hii kwenye kitabu chake, akaihukumu kuwa ni hasan sahihi, na hapohapo akasema hatuijui isipokuwa kwa njia ya Yahya bin Said. Yaani hukumu ya usahihi na taarifa ya njia moja zimekaa sehemu moja na hakuna aliyemwambia Tirmidhi kakufuru. Wanahadithi hadithi ya aina hii wanaiita gharibu, na wanafunzi wa mustalahi, yaani elimu ya kanuni za hadithi, wanaisoma hiihii kama mfano wa gharibu iliyo sahihi. Kwa hiyo ustadhi wako wa zamani, Mungu amhifadhi, kakufungia mlango ambao maimamu wenyewe waliuacha wazi.

Sasa watu wengi wanadhani sahihi maana yake imepokewa na wengi. Hapana, hiyo ni mutawatiri, daraja lingine kabisa. Sahihi ina masharti matano: mnyororo uwe umeungana bila mtu kudondoka katikati, kila mpokezi awe mwadilifu wa dini yake, awe na uhifadhi mzuri iwe kwa kichwa au kwa maandishi, hadithi isipingane na walio imara zaidi, na isiwe na kasoro iliyojificha, ile wanayoiita illa. Matatu ya mwanzo mtu yeyote akifungua vitabu vya wapokezi anaweza kuyakagua. Mawili ya mwisho ndo kazi yenyewe, na ndo hapo unapoona kwamba watu hawa hawakuwa wanaamini tu majina.

Nikuonyeshe kwa hadithi hiihii. Kuna mpokezi anaitwa Abdulmajid bin Abdulaziz bin Abi Rawwad, alikuwa Makka, si muongo na wapo waliomsifu. Huyu kaja na njia ya pili ya hadithi ya nia: kaipokea kwa Imamu Malik, kutoka kwa Zaid bin Aslam, kutoka kwa Ataa bin Yasar, kutoka kwa Abu Said Al-Khudri. Ukisoma majina hayo roho inatulia, ni majina makubwa ya Madina, mnyororo umeungana, na ungetatua tatizo la njia moja kabisa maana sasa tungekuwa na sahaba wa pili. Mtu anayetafuta tu kuitetea hadithi angeidaka kwa mikono miwili. Wao waliikataa. Abu Hatim Ar-Razi kasema haina asili, kwa sababu ukiwakusanya wanafunzi wengine wa Malik wanaopokea hadithi hii wote wanasema Malik kaichukua kwa Yahya bin Said kwa njia ileile ya Umar, huyu peke yake ndo kasema Zaid bin Aslam. Na kosa lenyewe linaeleweka: Zaid kutoka kwa Ataa ni njia ambayo Malik anaitumia mara kwa mara, ulimi unateleza kwenda kwenye njia iliyozoeleka. Unaona, hawakumhukumu kwa tabia yake, walimhukumu kwa kumlinganisha na wenzake waliokaa kwa mwalimu mmoja. Na hivyo ndo uhifadhi wa mpokezi unavyopimwa kwa jumla, unachukua hadithi zake zote unaziweka pembeni ya za wenzake, akiwa anaafikiana nao mara nyingi ni thika, yaani mtu wa kuaminika, akiwa anatoka peke yake na vitu vya ajabu mara nyingi anaanza kushuka daraja.

Na hata wale watatu wa kwenye njia ya kweli hawakupitishwa bila kuguswa. Muhammad bin Ibrahim At-Taimi, aliyefariki karibu na mwaka 120, Yahya bin Main na wengine wamempa uthika, lakini Ahmad bin Hanbal kanukuliwa akisema kwenye hadithi zake kuna kitu, anapokea mambo ya kukanushwa. Huyo ni Ahmad anamsema mtu ambaye hadithi ya kwanza ya Bukhari inapita kwake! Wanahadithi waliokuja baadaye wakapima, wakaona ni thika mwenye hadithi alizopwekeka nazo, na Bukhari na Muslim wote wamemtegemea. Unaweza kukubaliana na hitimisho lao au usikubaliane, lakini hawakumwonea haya.

Tuje kwa wasomi wa vyuo vikuu. Hawa swali lao si hilo la wanahadithi, na watu wengi wakishalikosa hapa wanagombana bure. Mwanahadithi anauliza: je, nina sababu ya kutosha ya kuikubali na kuifanyia kazi kauli hii ikinasibishwa kwa Mtume? Mwanahistoria wa chuo anauliza: ni tarehe gani ya mapema kabisa ninayoweza kuthibitisha kwamba maneno haya yalikuwepo, bila kutegemea imani yangu kwa mtu yeyote? Majibu yanaweza kutofautiana na bado kila mmoja akawa kafanya kazi yake sawasawa kwa swali lake.

Msomi wa Ulaya Joseph Schacht kwenye kitabu chake cha 1950 ndo aliyeileta hii kanuni ambayo mhadhiri wako anaitumia. Kasema ukichora njia zote za hadithi moja utakuta mara nyingi zinakutana kwa mtu mmoja, juu yake mstari mmoja na chini yake matawi mengi. Kwa Schacht huyo mtu wa makutano ndiye aliyeisambaza hadithi, au kuna mtu kaisambaza kwa jina lake, na ule mstari wa juu mpaka kwa Mtume umeungwa baadaye ili kuipa nguvu. Juynboll, msomi mwingine wa Ulaya, baadaye kaipanua sana kanuni hiyo na kuifanyia kazi kwenye hadithi nyingi. Kwenye hadithi yetu mtu wa makutano ni Yahya bin Said, na ukifuata kanuni hiyo moja kwa moja unafika pale alipofika mhadhiri wako. Wanahadithi nao walimjua mtu wa makutano, wanamwita madari, ila kwao ni mwalimu ambaye hadithi imezunguka kwake, basi.

Lakini mhadhiri wako akisema "wasomi wa Ulaya wanasema" kana kwamba wamekubaliana, hapo kakosea. Harald Motzki, ambaye naye ni msomi wa Ulaya na wala hakuwa anaandika kutetea imani, kapinga hitimisho hili kwa nguvu. Yeye kasema mtu wa makutano mara nyingi si mtungaji, ni yule mtu wa kwanza aliyekuwa na darasa kubwa la kudumu, wanafunzi wakitoka miji tofauti wakija kuandika. Kabla yake watu walikuwa wanasimuliana wachache kwa wachache, kwa hiyo ni kawaida kabisa mstari wa juu ukawa mwembamba. Na njia yake ya kufanya kazi ni kuzilinganisha sanadi, yaani minyororo ya wapokezi, na maneno ya hadithi kwa pamoja: kama matoleo ya maneno yanatofautiana kidogo, na tofauti zenyewe zinafuata matawi ya sanadi, basi matawi hayo ni ya kweli, kwa sababu mtu anayeiba na kubandika sanadi ya uongo hawezi kupanga tofauti ndogondogo zikae sawasawa namna hiyo kwa watu wasiojuana.

Jaribu mwenyewe, haihitaji maktaba kubwa. Bukhari kaileta hadithi hii sehemu saba, namba 1, 54, 2529, 3898, 5070, 6689 na 6953 kwa hesabu inayotumika sana. Ukichora utakuta wanafunzi watano wa Yahya: Sufyan bin Uyaina wa Makka, Malik wa Madina, Sufyan Ath-Thauri wa Kufa, halafu Hammad bin Zaid na Abdulwahhab Ath-Thakafi wa Basra. Miji minne. Halafu soma maneno. Kwa Malik kwenye namba 54 inaanza "Al-aamalu binniya", nia kwa umoja na bila "innama", ile ya namba 1 kwa Ibn Uyaina inaanza "Innamal aamalu binniyyat". Namba 1 pia imekosa kipande kizima cha "ambaye hijra yake ni kwa Allah na Mtume wake", imeruka moja kwa moja kwa mwenye kuhama kwa ajili ya dunia au mwanamke. Hicho kipande kipo kwa wanafunzi wengine wa Yahya, na kipo kwenye Musnadi ya Al-Humaidi mwenyewe, kitabu ambacho tunacho mpaka leo na mwenyewe kafariki 219, miaka 37 kabla ya Bukhari, ndo maana Ibn Hajar kwenye kitabu chake cha kumfafanua Bukhari anajadili nani kakiruka na kwa nini. Hapo hapo umeshajibu na lile la "Bukhari aliokota maneno ya mitaani miaka 200 baadaye", kwa sababu kitabu cha mwalimu wake kipo na unaweza kukifungua ukalinganisha.

Kwa hiyo mpaka kwa Yahya bin Said hakuna mgogoro wa maana, mwanahadithi na mwanahistoria wote wanasimama pale: katikati ya karne ya 2 Hijria Yahya alikuwa anaifundisha hadithi hii kwa sanadi hii. Yahya mwenyewe alikuwa kadhi, mtu wa Madina aliyeishia Iraki zama za khalifa Al-Mansur, ndo maana wanafunzi wake wametapakaa hivyo. Kuna aliyedai kwamba waliopokea kwake ni watu 700, Ibn Hajar akasema kafuatilia njia zilizopo hata 100 hazikutimia. Napenda ukweli wa namna hiyo.

Mzozo wote uko kwenye hatua tatu za juu: Yahya kwa Taimi, Taimi kwa Alkama, Alkama kwa Umar. Mwanahadithi anasema Yahya ni mtu ambaye tumempima kwa mamia ya hadithi nyingine tukamkuta hasemi uongo na hachanganyi, akisema nimesikia kwa Taimi namkubali, wote walikuwa Madina, zama zao zimegusana, na Taimi na Alkama hivyohivyo. Mwanahistoria wa mrengo wa Schacht anasema uaminifu wa mtu kwenye mambo mia haunithibitishii jambo la mia na moja, na tena mbona Umar kasema juu ya mimbari, mbele ya msikiti mzima, halafu aliyebaki kuisimulia ni Alkama tu? Hili swali ni zito na usilidharau. Mafakihi wa Kihanafi nao walikuwa na kanuni inayofanana nalo, kwamba jambo linalowagusa watu wote likija kwa mtu mmoja mmoja linatiliwa shaka. Jibu la upande wa pili ni kwamba maana ya hadithi hii ilikuwa inajulikana kwa Kurani na kwa hadithi nyingine za nia kiasi kwamba wengi hawakuona haja ya kuinukuu kwa sanadi, na pia kwamba mtungaji mwenye akili asingejibana kwenye njia moja nyembamba, angejitungia masahaba watatu akapumzika. Hoja hiyo ya pili kwangu ina uzito mkubwa. Haithibitishi, ila inafanya utungaji uwe dhana dhaifu kuliko inavyosikika darasani.

Kuna hoja nyingine ya Schacht utakutana nayo tu, ile ya kimya: kama hadithi haimo kwenye kitabu cha mtu ambaye angeihitaji, basi haikuwepo zama zake. Ichukue kwa tahadhari kubwa, na mfano unao mkononi. Muwatta, kitabu cha hadithi cha Malik, imetufikia kwa matoleo ya wanafunzi wake tofauti, na kwenye lile lililoenea kuliko yote, la Yahya bin Yahya Al-Laithi, hadithi ya nia haimo. Kama tungebakiwa na hilo peke yake mtu angeandika kwa kujiamini kabisa kwamba Malik hakuijua. Kumbe imo kwenye Muwatta ya riwaya ya Muhammad bin Hasan Ash-Shaibani, na Bukhari kaipokea kwa Malik mara mbili.

Sasa mimi naisimamia wapi? Kihistoria, kwa Yahya nina uhakika, kwa Taimi nina dhana yenye nguvu sana, juu ya hapo naona inaelekea ni kweli na sina kipimo cha kihistoria cha kunifikisha mbali zaidi. Kidini naikubali na kuifanyia kazi bila wasiwasi, kwa sababu dini haijanitaka niwe na yakini ya kihesabu kwenye kila hadithi. Na hili silibuni mimi. Nawawi, huyohuyo mwenye Arubaini unayotaka kuwafundisha watoto, ameeleza kwamba wahakiki na wengi wa wanazuoni wanaona hadithi zisizofika mutawatiri, hata za Bukhari na Muslim, zinaleta dhana yenye nguvu inayowajibisha kutenda, na hapo alikuwa anampinga Ibn Salah, mwanahadithi aliyemtangulia, aliyesema zinaleta yakini. Ibn Hajar akaja akaegemea kwa Ibn Salah. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu yenyewe suala la "uhakika kiasi gani" lina karne nyingi linajadiliwa, na kilichokushtua darasani ni kwamba hukuwahi kuambiwa.

Tahadhari mbili kabla hujarudi chuoni. Usikubali mtu aruke kutoka "haijathibitishwa mpaka kwa Umar" kwenda "ni ya uongo", hizo ni kauli mbili tofauti na ya pili inadai ushahidi wake. Na usikubali hukumu ya hadithi hii ibebeshwe hadithi zote, maana zipo zilizopokewa na makumi ya masahaba, kama ile ya anayemzulia Mtume uongo ajiandalie makazi yake motoni, ingawa Juynboll hata hiyo aliitilia shaka na wenzake hawakukubaliana wote. Kila hadithi inachorwa kivyake. Ukiandikishwa insha chuoni, andika wazi unatumia kipimo gani: wanahadithi wanaihukumu sahihi gharibu, na kwa mbinu za kihistoria inafika kwa Yahya bin Said bila ubishi, na juu yake wasomi wametofautiana. Mhadhiri wa haki hawezi kukukata maksi kwa hilo.

Kwa watoto, hadithi na maana yake inatosha. Wa miaka tisa hawahitaji habari za madari, ila mkubwa akikuuliza "ustadhi, nani alimwambia Bukhari?" mchoree.

Na wewe mwenyewe tafuta mtu wa kukaa naye uso kwa uso, kwa sababu mambo haya kwenye simu yanakuwa vipande vipande. Si lazima awe maarufu. Muulize kama amesoma mustalahi kwa mwalimu na kama anaweza kukufungulia kitabu cha ilali, yaani cha zile kasoro zilizojificha, mkasoma hadithi moja mwanzo mpaka mwisho, akishindwa hilo si mtu wa suala hili hata kama mawaidha yake yanakuliza. Kama kuna hukumu ya ibada au ya ndoa au mirathi unataka kuibadilisha kwa sababu umesikia hadithi yake ni dhaifu, usiibadilishe kwa kusoma kwako, mpelekee mwanachuoni wa fikihi anayejua hukumu hiyo ina dalili ngapi, mara nyingi hadithi uliyoisikia ni moja tu kati ya dalili zake. Na ikiwa shaka imeshatoka kwenye sanadi ikaingia kwenye swala zako, huli vizuri, hulali, usiendelee kupambana peke yako na vitabu usiku. Nenda kwa mtu mzima unayemwamini, msome pamoja mchana.